Ankara ya kodi isiyolingana: tafuta kosa kwa kugawa mara moja

Muuzaji mdogo akishasajiliwa kukusanya kodi ya mauzo, ankara yake huanza kubeba namba tatu ambazo lazima zikubaliane: thamani kabla ya kodi, kodi yenyewe, na jumla ya kulipa. Zikikataa kukubaliana, wengi huihangaikia jumla kwa sababu ndiyo mteja anayoilalamikia. Lakini jumla peke yake haikuambii kosa liko wapi. Anza na zile namba mbili za juu.

Chukua kodi iliyoandikwa kwenye ankara, uigawe kwa thamani kabla ya kodi iliyoandikwa kwenye ankara hiyohiyo. Kama kuna punguzo, thamani unayoitumia ni ile inayobaki baada ya punguzo. Katika mifano yote hapa kiwango ni asilimia 18, nawe weka cha kwako mahali pake. Hata kama kwenu kodi hiyo inaitwa kodi ya ongezeko la thamani, hesabu za kwenye ankara ni hizihizi. Jibu likiwa 0.18, kodi na thamani zinapatana na kosa litafutwe kwingine. Likiwa namba nyingine, namba hiyo yenyewe inakutajia kosa.

Jibu ni 0.2195

Hapa kodi imekuwa kubwa kupita kiasi, na ndilo kosa linalojirudia zaidi ya yote. Bei ya lebo ilikuwa na kodi ndani yake, tuseme 118,000, na mwandishi wa ankara akataka kuitoa kodi ili aionyeshe peke yake. Akapiga 118,000 mara asilimia 18, akapata 21,240, akaitoa, akaandika thamani 96,760. Ukigawa 21,240 kwa 96,760 unapata 0.2195.

Kosa ni kwamba asilimia 18 huhesabiwa juu ya thamani isiyo na kodi, wala si juu ya jumla. Thamani ni sehemu 100, kodi ni sehemu 18, na bei ya lebo ni sehemu 118. Kwa hiyo kodi iliyomo ndani ya bei ni 18 kwa 118: 118,000 × 18 ÷ 118 = 18,000. Mteja hakudhurika kwa kosa hili, maana amelipa bei ileile ya lebo. Aliyeumia ni muuzaji, ambaye ametangaza kwenye karatasi kwamba amekusanya 21,240, na hiyo ndiyo itakayoingia kwenye ritani yake. Amejikata 3,240 kwa ankara moja.

Jibu ni 0.1525

Hili ni kinyume cha lile la juu. Mtu amejifunza kwamba kodi hutolewa kwa 18 ÷ 118, akaitumia hesabu hiyo kila mahali, hata kwenye bei ambayo haikuwa na kodi ndani. Thamani 100,000 ikazaa kodi 15,254 badala ya 18,000. Ankara inaonekana safi na mteja hana la kusema. Pengo hujitokeza baadaye, siku ritani inapolinganishwa na mauzo, na wakati huo ni vigumu kumrudia mteja kumdai kilichopungua. Hulipwa kutoka kwenye faida.

Jibu limezidi 0.18 kidogo, na kuna punguzo

Tuseme thamani ni 100,000 na punguzo ni 10,000. Ankara inaonyesha kodi 18,000, halafu punguzo limekatwa chini kabisa, baada ya kodi. Thamani iliyobaki ni 90,000, na 18,000 ÷ 90,000 ni 0.20. Kodi imetozwa juu ya fedha ambayo mteja hakuilipa kamwe.

Punguzo lililokubaliwa kabla ya ankara kutolewa hukatwa kwenye thamani kwanza, kisha kodi ndiyo inafuata: 90,000, kodi 16,200, jumla 106,200. Angalia lakini ulichomwahidi mteja. Kama ulimwambia "nakupunguzia 10,000 kwenye bei ya lebo", na bei ya lebo ni 118,000 yenye kodi ndani, yeye anatarajia kulipa 108,000. Hapo kodi ni 108,000 × 18 ÷ 118, yaani 16,474.58, na thamani ni 91,525.42. Hesabu zote mbili ni halali, ila ni ahadi mbili tofauti. Punguzo la asilimia halina utata huu, kwa sababu asilimia 10 ya bei yenye kodi hupunguza thamani na kodi kwa uwiano uleule. Ndiyo maana, ukiwa na hiari, punguzo la asilimia ni rahisi kulielezea kwenye karatasi kuliko la kiasi maalumu.

Jibu ni 18 kamili, au kodi ni kubwa mno

Usitafute mbali. Kwenye jedwali lako la Excel, seli ya kiwango imeandikwa 18 badala ya 18%.

Jibu ni 0.18, lakini mteja anasema bei si ile ya kwenye lebo

Kipimo cha kugawa kina mpaka wake: kinaonyesha kama kodi inapatana na thamani iliyoandikwa, lakini hakijui kama thamani yenyewe ni ya kweli. Tuifuate ankara moja hadi mwisho, kwa sababu makosa mawili yakikaa pamoja, la kwanza hulificha la pili.

Bidhaa ni viti 4, kila kimoja 59,000 kwenye lebo, na meza 1 ya 177,000. Usafirishaji umetajwa 23,600. Mteja amepewa punguzo la asilimia 10 kwenye bidhaa, si kwenye usafirishaji. Bei zote alizoonyeshwa zina kodi ndani. Ankara aliyopokea inasomeka hivi:

```
Viti 4 x 59,000            236,000
Meza 1 x 177,000           177,000
Usafirishaji                23,600
Jumla ndogo                436,600
Kodi 18%                    78,588
Punguzo 10%                -41,300
Jumla ya kulipa            473,888
```

Thamani baada ya punguzo, kwa mujibu wa karatasi hii, ni 436,600 kutoa 41,300, yaani 395,300. Gawa 78,588 kwa 395,300: unapata 0.1988. Imezidi kidogo na kuna punguzo, kwa hiyo kosa la kwanza limejitaja. Ukilirekebisha, kodi inakuwa 395,300 × 18%, sawa na 71,154, na jumla inakuwa 466,454. Sasa kipimo kinaleta 0.18, na hapa ndipo wengi hufunga faili na kuituma tena.

Mteja ataipinga tena, na ana haki. Kwa bei za lebo, viti na meza vilikuwa 413,000. Toa asilimia 10 zinabaki 371,700, ongeza usafirishaji 23,600, anatakiwa kulipa 395,300. Hiyo ndiyo namba ambayo ankara mbaya iliita thamani kabla ya kodi. Bei za lebo zilinakiliwa kama zilivyo kwenye safu ya bei bila kodi, kisha kodi ikaongezwa juu yake mara ya pili.

Kipimo cha pili basi ni kuilinganisha jumla ya kulipa na kile mteja alichoonyeshwa kabla ya kununua. Kama jumla imezidi bei aliyoonyeshwa kwa kiasi ambacho ni sawasawa na kodi yote, kodi imeongezwa mara mbili. Katika ankara hii, 473,888 kutoa 395,300 ni 78,588 barabara, ile kodi yenyewe bila kupungua hata moja.

Ankara iliyonyooka hugawa kila bei ya lebo kwa 1.18 kwanza. Kiti kinakuwa 50,000, meza 150,000, usafirishaji 20,000:

```
                           Bila kodi
Viti 4 x 50,000              200,000
Meza 1 x 150,000             150,000
Punguzo 10% la bidhaa        -35,000
Usafirishaji                  20,000
Thamani inayotozwa kodi      335,000
Kodi ya mauzo 18%             60,300
Jumla ya kulipa              395,300
```

Yafaa ulitazame neno "Bila kodi" lililo juu ya safu. Ni maneno mawili tu, lakini kukosekana kwake ndiko kulikozaa ankara ya kwanza. Safu ya bei isiyosema kama kodi imo au haimo humlazimisha kila anayeishika kukisia, na mtu wa dukani hukisia tofauti na mhasibu. Kama wateja wako wengi ni watu binafsi, waliozoea kuona bei ya mwisho, unaweza kuweka safu ya pili yenye bei pamoja na kodi ili waitambue bei ya lebo. Usichanganye bei za aina mbili katika safu moja, hata kwa mstari mmoja wa usafirishaji.

Kama unatumia programu ya ankara, tatizo hili huwa kwenye mpangilio wa bidhaa, mahali unapochagua kama bei uliyoingiza ina kodi ndani au haina. Mara nyingi kuna chaguo la jumla kwa duka zima na jingine kwa kila bidhaa, na la bidhaa hulishinda la duka. Bidhaa zilizoingizwa kabla hujasajiliwa hubaki na mpangilio wa zamani, kwa hiyo zikague hizo kwanza. Kwenye Excel, weka kiwango katika seli moja tu, mathalani F1 yenye 18%, na tumia hesabu mbili zilizotengana. Ya kwanza hukupa kodi ya kuongeza juu ya bei isiyo na kodi, ya pili hukupa kodi iliyomo ndani ya bei iliyo nayo:

```
=ROUND(B2*$F$1,2)
=ROUND(B2*$F$1/(1+$F$1),2)
```

Kompyuta nyingine hutaka nuktamkato badala ya mkato kati ya sehemu za hesabu. Ikikupa ujumbe wa kosa, jaribu hivyo kabla ya kubadilisha kitu kingine.

Kila kitu ni sawa, ila jumla imetofautiana kwa 1

Mteja mwenye mhasibu ataliona hili, na tofauti ya 1 inaweza kuzuia malipo kwa sababu mfumo wake hauikubali. Chanzo ni mahali unapokadiria desimali. Tuchukue mistari minne ya thamani 1,253, 2,347, 1,975 na 475, katika fedha isiyoandikwa kwa senti. Kodi za mistari hiyo ni 225.54, 422.46, 355.50 na 85.50. Ukiikadiria kila moja hadi namba nzima iliyo karibu unapata 226, 422, 356 na 86, jumla 1,090. Lakini ukijumlisha thamani kwanza unapata 6,050, na asilimia 18 yake ni 1,089 kamili.

Hakuna aliyekosea kupiga hesabu. Ni njia mbili, na tatizo ni kuzitumia zote mbili katika karatasi moja: mistari inaonyesha kodi zilizokadiriwa, jumla imetoka kwenye thamani nzima. Soma kwanza mwongozo wa mamlaka yenu ya kodi, maana nyingine huchagua njia kwa ajili yako. Kama umeachiwa hiari, kwa muuzaji mdogo njia safi zaidi ni kutoandika kodi kwa kila mstari kabisa, bali kuihesabu mara moja chini, kwa kila kiwango. Kama ni lazima kodi ionekane kwenye kila mstari, basi jumla ya kodi iwe ni jumla ya namba zilizochapwa, si hesabu mpya.

Excel ina mtego wake hapa. Ukipunguza desimali kwa kitufe cha mwonekano, namba inayoonekana hubadilika lakini iliyohifadhiwa haibadiliki. Unaona 226 na 422, kumbe kinachojumlishwa ni 225.54 na 422.46. Ndiyo maana hesabu za hapo juu zimefungwa ndani ya ROUND. Kwa fedha isiyo na senti, badilisha ile 2 ya mwisho iwe 0. Na kama sheria inakutaka utoe risiti kwa mashine ya kodi, iache mashine iongoze: ankara yako ifuate njia yake ya kukadiria, kwa kuwa namba za mashine ndizo zinazofika kwa mamlaka.

Jibu ni chini ya 0.18, lakini si 0.1525

Pengine hakuna kosa. Ukiuza bidhaa zinazotozwa kodi pamoja na zilizosamehewa, au zenye kiwango sifuri, mgawanyo wa ankara nzima lazima uwe mdogo. Kipimo kifanywe kwa kila kundi peke yake, na ili kiwezekane, ankara lazima iyatenge makundi hayo: thamani ya asilimia 18 na kodi yake, thamani ya asilimia 0, thamani iliyosamehewa. Kiwango sifuri na msamaha visiunganishwe mstari mmoja ingawa vyote vinazaa kodi sifuri. Katika mfumo wa kodi ya ongezeko la thamani, muuzaji wa bidhaa za kiwango sifuri anaruhusiwa kudai kodi aliyolipa kwenye manunuzi yake, na wa bidhaa zilizosamehewa kwa kawaida haruhusiwi. Ukizichanganya kwenye ankara, utazichanganya kwenye ritani.

Usafirishaji ndio husumbua hapa. Katika mifumo mingi ya kodi ya ongezeko la thamani, gharama ya kupeleka mzigo hufuata hali ya bidhaa iliyobebwa. Katika kodi ya mauzo ya aina nyingine, sheria huweza kuutoza kodi au kuuacha kutegemea kama umeandikwa mstari wake. Ukiwa na mzigo mchanganyiko, njia inayokubalika sana ni kugawa gharama kwa uwiano wa thamani. Kama robo tatu ya thamani ya mzigo inatozwa kodi, basi kati ya usafirishaji wa 20,000, 15,000 zinatozwa na 5,000 hazitozwi. Kilicho hakika ni kwamba usafirishaji uliofichwa ndani ya bei ya bidhaa hauwezi kugawanywa baadaye, kwa hiyo uandike peke yake tangu mwanzo.

Hesabu ni sahihi, mteja wa biashara anairudisha ankara

Mwenye biashara anayedai kodi yake hatazami jumla. Anatazama kama karatasi hiyo inamruhusu kudai. Kwa kawaida kinachokosekana ni kimoja kati ya hivi: namba yako ya usajili wa kodi, jina lake na namba yake, tarehe, namba ya ankara iliyo kwenye mfuatano, au kodi iliyoandikwa kwa kiasi chake. Sentensi "bei ni pamoja na kodi" inamtosha mnunuzi wa kawaida, lakini kwa mwenye biashara haina thamani yoyote, kwa sababu haisemi ni kiasi gani.

Tazama pia tarehe yako ya kuanza usajili. Mauzo ya kabla ya siku hiyo hayana kodi ya kuonyesha, hata kama ankara unaiandika leo. Katika nchi nyingi anayeandika kodi kwenye ankara bila kuwa na haki hiyo hudaiwa kodi hiyohiyo aliyoiandika.

Umeshaituma, na ina kosa

Usiifute, usiibadilishe kimyakimya, usitumie namba yake tena. Mteja anayo nakala, na nakala mbili tofauti zenye namba moja ndizo mkaguzi huzishika kwanza. Toa hati ya kupunguza ankara, ambayo wengi huiita krediti noti, itaje namba na tarehe ya ankara ya awali, iifute thamani na kodi yake, kisha toa ankara mpya yenye namba mpya.

Bidhaa ikirudishwa, njia ni hiyohiyo, na kosa la kawaida ni kurudisha bei ya lebo. Katika ankara yetu iliyonyooka, mteja akirudisha kiti kimoja, harudishiwi 59,000 wala 50,000. Kiti hicho alikipata kwa punguzo: 50,000 kutoa asilimia 10 ni 45,000, kodi yake 8,100, anarudishiwa 53,100. Kinachobaki kwenye vitabu ni thamani 290,000 na kodi 52,200. Gawa ya pili kwa ya kwanza uone kama bado ni 0.18.